Ukungu au Vumbi? Tazama Lami
Chukua picha ya barabara ya Kano, kaskazini mwa Nijeria. Majengo ya mbali yamefifia, jua limepauka, vivuli havina kingo. Ni ukungu? Mimi huangalia chini kwanza. Ukungu mzito hulowesha vioo vya magari, mara nyingine hata lami. Hapa lami ni kavu, na majani ya mwarobaini yamefunikwa na vumbi. Basi huenda ni hamatani, upepo wa Sahara unaovuma takriban Novemba hadi Machi. Mpita njia aliyevaa sweta anaongeza ushahidi, maana asubuhi za majira hayo zina baridi. Ila dhoruba za Mei na Juni nazo hutimua vumbi. Hizo hupita upesi, na mara nyingi mvua hufuata, lami ikalowa.