Mdomo Kwenye Maiki

MC wa harusi akitaka kusikika mzito kama mzee wa ukoo, huisogeza maiki mpaka imguse midomo. Sauti inanenepa kweli, ila wengi hudhani imepanda tu. Kilichozidi hasa ni besi, na anayeizidisha ni maiki yenyewe.

Si maiki zote zina tabia hiyo. Ile inayosikia pande zote sawasawa imezibwa nyuma. Inapima mgandamizo wa hewa basi, na ukiisogelea sauti hainenepi. Maiki ya namba nane ni nyingine kabisa. Ndani yake, kwa kawaida, mna utepe mwembamba wa alumini ulio wazi mbele na nyuma, na unatikiswa na tofauti ya mgandamizo baina ya pande hizo mbili. Sauti ya ubavuni hufika mbele na nyuma kwa pamoja, tofauti inakosekana, utepe unatulia. Kadioidi, maiki ya majukwaani, imechanganya tabia zote mbili nusu kwa nusu: mchoro wa usikivu wake una umbo la moyo, na uziwi wake uko nyuma.

Sasa tupige hesabu. Tuseme sauti huzunguka sentimita 2 zaidi ili kuufikia mgongo wa utepe. Mdomo ukiwa sentimita 5 mbele yake, mgongo uko sentimita 7, na kwa kuwa mgandamizo hupungua kadiri ya umbali, huko nyuma inafika asilimia 71 tu. Mashabiki walio mita 50 je? Sentimita 5,000 kwa 5,002: hakuna kitu. Sauti yao huutikisa utepe kwa sababu tu wimbi linachelewa kidogo kufika nyuma, na kwa wimbi la besi lenye urefu wa mita 3, sentimita 2 ni kuchelewa kudogo mno. Ndiyo maana mtengenezaji huiongezea maiki usikivu wa besi. Mdomo ukikaribia, nyongeza hiyo inakutana na ile tofauti ya ukaribu, na besi inafurika.

Watangazaji wa mpira wa BBC waligeuza kasoro hii kuwa silaha. Maiki yao ya namba nane ina kijiti kinachoegemea mdomo wa juu, hivyo umbali unabaki kama sentimita 5 wakati wote. Besi iliyofurika hukatwa ndani ya maiki mpaka sauti ya mtangazaji irudi kuwa ya kawaida. Ngurumo ya uwanja, ambayo haikufurika, inakatwa vilevile, nayo inabaki mnong'ono nyuma ya maneno. Mtangazaji akisahau, kijiti kikamtoka mdomoni, anasikika mwembamba kama anayeongea kwenye simu mbovu.

MC wetu hana mkato huo. Akirudi nyuma upana wa kiganja, "p" zake zitaacha kupasuka na wageni wa meza za mwisho watayashika majina ya wakwe.