Meza Isiyoelea: Kusogeza Vitu kwa Namba Katika Blender

Ukifungua Blender kwa mara ya kwanza utakuta vitu vitatu vimeshawekwa: mchemraba katikati, kamera na taa. Wengi huanza kwa kubonyeza G, kitufe cha kusogeza, kisha wanausukuma mchemraba kwa kipanya hadi waone umekaa vizuri. Wakizungusha mtazamo kidogo, wanakuta mambo mengine kabisa: mchemraba unaelea hewani, au umezama chini ya sakafu, au uko mbali na kile walichodhani umekigusa.

Kosa si la mkono. Kioo cha kompyuta ni bapa, na kipanya hakina njia nyingine ila kushoto na kulia, juu na chini. Nafasi iliyomo ndani ya Blender ina pande tatu. Usipotaja upande, programu husogeza kitu sambamba na kioo unachokitazama, na kwa kuwa mara nyingi tunatazama kwa mshazari, kitu nacho huenda kwa mshazari. Kwa pembe ile uliyokuwa ukitazamia kinaonekana kimefika; kwa pembe nyingine unaona kimepotea.

Dawa yake ni kumwachia kibodi kazi ya vipimo. Amri ina sehemu tatu, na hufuatana kila mara kwa mpangilio uleule: kitendo, mhimili, kiasi. Vitendo ni G kwa kusogeza, R kwa kuzungusha na S kwa kubadili ukubwa. Mihimili ni X na Y, ambayo imelala sakafuni, na Z, unaopanda juu. Kiasi ni namba unayoiandika. Ukimaliza, Enter inakubali na Esc inafuta kila kitu kana kwamba hukugusa. Kabla ya kuanza, hakikisha kishale cha kipanya kiko juu ya dirisha lenye vitu vyako, kwa sababu Blender husikiliza vitufe kulingana na mahali kishale kilipo.

Tutengeneze meza, tuone jambo hili likifanya kazi. Iwe na urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 75. Ubao wa juu uwe na unene wa sentimita 4, na miguu minne iwe ya sentimita 6 kwa 6. Kwa hiyo kila mguu utakuwa na kimo cha sentimita 71, yaani 75 ukitoa unene wa ubao.

Mchemraba uliopo utakuwa ubao wa juu. Ubofye, kisha bonyeza N. Upande wa kulia itafunguka paneli, na katika kichupo cha `Item` utaona `Location`, mahali kitu kilipo, na chini zaidi `Dimensions`, vipimo vyake. Vipimo vyote vitatu vinasoma mita 2. Andika 1.2 kwa X, 0.6 kwa Y na 0.04 kwa Z. Ukipenda, andika `4cm` na Blender itageuza yenyewe. Sasa tazama sehemu ya `Scale`: inasoma 0.6, 0.3 na 0.02. Maana yake programu bado inaukumbuka ule mchemraba wa mita 2 na inaubana tu. Usipousahaulisha, siku utakapotaka kulainisha kingo za ubao, upande mmoja utalainika kwa wingi na mwingine kidogo. Bonyeza Ctrl+A, chagua `Scale`, na namba zote tatu zitarudi kuwa 1 huku ubao ukibaki ulivyo.

Ubao sasa upande juu. Blender hupima mahali pa kitu kutoka kwenye nukta ndogo ya rangi ya machungwa, ambayo kwa mchemraba iko katikati kabisa. Uso wa juu wa ubao unatakiwa kuwa kwenye sentimita 75, na katikati yake iko sentimita 2 chini ya hapo. Rudisha kishale kwenye dirisha, kisha andika:

```
G Z 0.73 Enter
```

Hapa ndipo penye jambo ambalo, usipolijua mapema, litakutesa siku nzima. Ile 0.73 uliyoandika baada ya G si mahali, ni mwendo. Umeiambia Blender isogeze ubao kwa sentimita 73 kutoka ulipokuwa. Ukirudia amri hiyohiyo, ubao hautabaki pale pale, utapanda hadi 1.46. Namba ya `Location` kwenye paneli, kinyume chake, ni mahali penyewe: ukiandika 0.73 kwenye Z mara kumi, ubao utakaa kwenye 0.73. Ni tofauti ileile iliyopo kati ya kumwambia mtu "songa hatua tatu" na kumwambia "nenda nyumba namba tatu." Meza ikiruka ghafla juu ya pale ulipoitaka, soma `Location`, mara nyingi utakuta ni mwendo ulioandikwa mara mbili.

Kwa mguu, bonyeza Shift+A, chagua `Mesh`, kisha `Cube`. Mpe vipimo 0.06, 0.06 na 0.71, na uthibitishe ukubwa kwa Ctrl+A kama mwanzo. Mguu umezaliwa kwenye kitovu cha dunia ya Blender, nusu yake ikiwa chini ya sakafu, hivyo unapanda kwa nusu ya kimo chake, yaani 0.355. Kisha unakwenda kwenye kona. Kutoka katikati ya meza hadi ukingo wa urefu ni sentimita 60. Toa nusu ya unene wa mguu, zinabaki 57. Upande wa upana ni 30 ukitoa 3, yaani 27:

```
G Z 0.355 Enter
G X 0.57 Enter
G Y 0.27 Enter
```

Mguu wa pili hauhitaji kuundwa upya. Shift+D hutoa nakala na papo hapo huanza kuisogeza, kwa hiyo unaendelea moja kwa moja na mhimili na kiasi. Umbali wa kwenda kona ya pili ni mara mbili ya 57, kuelekea upande hasi. Baadaye ichague miguu yote miwili kwa kushikilia Shift unapobofya, na uitoe nakala pamoja:

```
Shift+D X -1.14 Enter
Shift+D Y -0.54 Enter
```

Ukisahau alama ya kutoa, ibonyeze wakati wowote kabla ya Enter. Blender itageuza upande wa namba. Kuna mtego mmoja hapa unaowanasa wengi. Ukibonyeza Shift+D kisha ukaghairi kwa Esc, kinachofutwa ni mwendo tu. Nakala inabaki, imekaa juu kabisa ya ile ya kwanza, na macho hayawezi kuitambua. Angalia orodha ya vitu iliyo juu upande wa kulia: inapaswa kuonyesha `Cube` pamoja na `Cube.001` hadi `Cube.004`. Ukiona `Cube.005`, kuna mguu uliojificha. Uchague kwenye orodha na uufute.

Sasa tuizungushe meza. Chagua miguu yote kwanza, ubao mwisho, kisha bonyeza Ctrl+J ili viwe kitu kimoja. Mpangilio huo una sababu: kitu kilichochaguliwa mwisho ndicho kinachotoa nukta ya katikati ya kitu kipya. Ukimalizia na mguu, meza yote itazunguka kwenye mguu huo kama mlango kwenye bawaba. Amri ya kuzungusha kwa nyuzi 30 ni hii:

```
R Z 30 Enter
```

Namba chanya hupeleka kitu kinyume cha mwendo wa saa ukikitazama kutoka juu. Hasi huzungusha upande wa saa. Baada ya hapo, ukiandika G X 0.3, meza itakwenda kwenye mhimili wa X wa dunia nzima, wala si kufuata urefu wake wenyewe. Ili iufuate urefu wake, bonyeza X mara mbili:

```
G X X 0.3 Enter
```

Juu ya dirisha, wakati unaandika, mstari mdogo unakuambia uko wapi: `along global X` ni mhimili wa dunia, `along local X` ni wa kitu chenyewe. Kuutupia jicho mstari huo kabla ya Enter kunaokoa kazi nyingi ya kurudia.

Limebaki la mwisho, kunasisha. Ongeza mchemraba mwingine, mpe vipimo 0.2 pande zote uwe sanduku dogo, uthibitishe ukubwa wake, kisha uinue kwa G Z 1.2. Unaelea juu ya meza na tunataka utue juu ya ubao. Ungeweza kupiga hesabu, lakini kimo hicho tayari kinashikwa na meza yenyewe. Juu ya dirisha katikati kuna alama ya sumaku, na pembeni yake kishale cha kufungua orodha. Chagua `Vertex`, yaani vipeo. Bonyeza G, kisha Z, shikilia Ctrl, peleka kipanya kwenye kona yoyote ya juu ya ubao, na ubofye. Sanduku linashuka wima hadi kitako chake kinakuwa sawa na uso wa meza. Likijishika kwa kona isiyo sahihi, rudia, na mara tu baada ya G bonyeza B ili uichague mwenyewe kona ya sanduku inayopaswa kunasa. Kitufe hicho kipo kuanzia toleo la 4.0.

Orodha hiyohiyo ya sumaku ina `Increment`, ambayo huwachanganya wageni. Hii husogeza kitu kwa hatua zilizo sawa, ila huhesabu kutoka kitu kilipoanzia. Kama kilikuwa kwenye 0.37, na hatua ni mita moja, kitafika 1.37, kisha 2.37, na hakitaikanyaga mistari ya sakafu kamwe.

Usahihi huu una mpaka wake: Blender haijui kwamba mbao mbili haziwezi kukaa mahali pamoja. Ungeipa miguu kimo cha 0.75 badala ya 0.71, ingepenya ubao bila onyo lolote. Dalili ungeiona juu ya meza: kwenye kona nne, madoa ya mraba yanayometameta kila unapozungusha mtazamo, kwa sababu nyuso mbili ziko kwenye kimo kimoja na programu haiwezi kuamua ipi iko mbele.

Kwa hiyo kipimo unachokijua kiandike, na kipimo kinachoshikwa na kitu kingine kinasishe. Kisha vihakiki kimoja kwa kingine. Chagua lile sanduku na usome `Location` yake kwenye Z. Uso wa meza uko kwenye 0.75 na nusu ya sanduku ni 0.1, kwa hiyo paneli lazima isome 0.85. Ikisoma vingine, usiivute kwa kipanya. Rudi kwenye namba, utaikuta hatua iliyokosewa.