KWA NINI TUNDU HUTOKA DOGO
Makosa mawili ambayo hayasahihishwi kwa njia moja

Fundi yeyote anayefanya kazi na mashine ya kuchapa vipuri vya plastiki amewahi kuona jambo hili. Mchoro unasema tundu ni milimita 22, ili beringi ya namba 608 iingie. Kipuri kinatoka, beringi inagoma. Akiigonga kwa nyundo, bamba linapasuka, na saa kadhaa za kazi zinakwenda na maji.

Ndugu msomaji, tundu hilo limepunguzwa na mambo mawili tofauti. La kwanza ni plastiki kunywea inapopoa. Kunywea hufuata ukubwa: urefu wa milimita 100 hupoteza mara kumi ya kile unachopoteza urefu wa milimita 10. La pili ni ukuta kuvimba. Uzi wa plastiki ya moto hutambaa kidogo nje ya mstari wake, na kiasi hicho hakibadiliki, kipuri kiwe kikubwa au kidogo. Kwa nje uvimbe huo huongeza kipimo, lakini ndani ya tundu hukipunguza. Juu ya hayo, uzi unaozungushwa kwenye duara huvutwa kuelekea katikati kabla haujaganda, kwa hiyo tundu hupungua zaidi kuliko ukuta wa nje unavyoongezeka.

Wengi hukosea hapa: huona tundu dogo, wakakuza kipuri chote. Tuchukue mfano wa bamba la ABS lenye urefu wa milimita 100 na matundu mawili ya milimita 22, vitovu vyake vikiachana kwa milimita 70. Baada ya kupoa kabisa, kalipa inasoma hivi: urefu 99.56, tundu 21.61, umbali wa vitovu 69.58. Fundi akikuza kila kitu kwa asilimia 1.8 ili tundu lifike 22, umbali wa vitovu utakuwa kama 70.83. Beringi zitaingia, lakini mashimo hayatalingana tena na mashine inayosubiri bamba hilo.

Njia iliyo sawa huanza na umbali wa vitovu, kwa sababu uvimbe wa ukuta hauugusi. Pima nafasi iliyo kati ya matundu mawili, ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani: 47.97. Kisha pima kutoka ukingo wa mbali hadi ukingo wa mbali: 91.19. Jumlisha, gawa kwa mbili, unapata 69.58. Sasa gawa 70 kwa 69.58: ni 1.006. Huo ndio unyweaji peke yake. Katika programu ya Cura, andika 100.6 kwenye `Scaling Factor Shrinkage Compensation`.

Chapa tena, upime. Vitovu sasa ni 70, urefu wa nje ni 100.16, tundu ni 21.74. Ziada ya 0.16 kwa nje ni ya kingo mbili, yaani 0.08 kila upande. Andika -0.08 kwenye `Horizontal Expansion`. Alama ya kutoa ni muhimu, maana inarudisha ukuta nyuma. Urefu unashuka hadi 100 na tundu linafika 21.90. Upungufu wa 0.10 uliobaki ni wa tundu peke yake. Ugawe kwa pande mbili, andika 0.05 kwenye `Hole Horizontal Expansion`. Chapa mara ya tatu ili uhakikishe.

Kabla ya yote hayo, angalia mambo matatu. Kwanza, mchoro. Kompyuta huchora duara kwa mistari iliyonyooka, na tundu la milimita 10 lenye pande 16 huwa na 9.81 tu kati ya pande zinazotazamana, hata kabla ya kuchapwa. Ongeza pande. Pili, kiasi cha plastiki kinachotoka: kikizidi, ukuta utavimba kupita kawaida. Tatu, usipime kwenye tabaka la chini kabisa, kwa sababu hukandamizwa kwenye meza na kutanuka.

Namba hizi ni za mashine moja na plastiki moja. Ukibadilisha ABS kwa PLA, ambayo hunywea kidogo sana, pima upya. Pia hazisaidii tundu lililolala ubavu, kwa kuwa dari yake hulegea na kushuka, na masahihisho ya `Horizontal Expansion` na `Hole Horizontal Expansion` ni ya pande za mlalo tu. Kwa tundu la namna hiyo, na kwa matundu madogo ya skrubu, acha liwe dogo kidogo, kisha lipitishie keekee ya kipimo chake, polepole, plastiki isiyeyuke.

Weka daftari karibu na mashine: aina ya plastiki, kipimo cha mchoro, kipimo cha kalipa. Zamu inayofuata haitalazimika kuanza upya.