Kamera Moja, Picha Mbili

Mahojiano yaliyopigwa kwa kamera moja huwa na tatizo la kudumu. Mzungumzaji akikohoa au akijirudia, mhariri huondoa kipande hicho, na hapo picha inaruka: kichwa kilichokuwa kimeinamia kushoto kinajikuta kulia, na mtazamaji anajua kuna kitu kimekatwa. Palipo na kamera ya pili, mkato hufichwa kwa kuhamia picha ya karibu. Pasipokuwa nayo, picha hiyo ya karibu inaweza kutolewa ndani ya picha pana yenyewe, mradi tu picha pana imerekodiwa kwa pikseli nyingi kuliko zinazohitajika kwenye video ya mwisho.

Video ya 4K inayotoka kwenye kamera na simu nyingi ina pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. Video ya 1080p ina 1920 kwa 1080, yaani robo ya pikseli hizo. Kazi ikiwa inatolewa kwa 1080p, picha nzima ya 4K hupunguzwa, na kila pikseli nne huwa moja. Mhariri anayekata sehemu ya katikati na kuikuza haongezi kitu. Anaacha tu kutupa pikseli ambazo zingetupwa. Katika filamu kubwa ziada hii hupangwa tangu mwanzo: Gone Girl ya David Fincher, iliyotoka 2014, ilirekodiwa kwa 6K huku fremu iliyokusudiwa ikiwa ndogo kuliko hiyo, ili pande zibaki na nafasi ya kusogeza na kutuliza picha baadaye.

Kwa hesabu hiyo, picha ya 4K inaweza kukuzwa hadi mara mbili na bado kila pikseli ya 1080p ikapata pikseli yake. Hesabu ni sahihi, lakini jicho halikubaliani nayo. Kihisi cha kamera nyingi kimefunikwa kwa vichujio vya rangi, na kila pikseli hupokea rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na bluu. Mbili zilizobaki hukisiwa kutoka kwa jirani zake. Juu ya hapo, kamera hubana faili na kupoteza sehemu ya nywele, nyuzi za nguo na vinyweleo. Kwa hiyo pikseli milioni nane za 4K hazibebi undani wa pikseli milioni nane. Kwa kamera ya kawaida, kikomo cha kuaminika ni kukuza mara 1.5 hadi 1.6.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo inayowaponyoka wengi. Picha pana ikipunguzwa kutoka 4K, zile pikseli nne zinazofanywa moja husawazishana, na chengachenga za gizani hupungua karibu nusu. Picha pana hutoka safi na kali kupita kiasi. Picha iliyokuzwa mara mbili haipati msaada huo hata kidogo. Ikitazamwa peke yake haina kasoro, lakini ikifuata mara moja baada ya picha pana, inaonekana imefifia. Mtazamaji hapimi ukali wa picha kwa rula. Anaulinganisha na sekunde iliyotangulia. Kuficha ufifiaji, basi, ni kazi ya picha zote mbili.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika wakati wa kurekodi. Kosa la fokasi lisiloonekana kwenye picha pana hujitokeza wazi likikuzwa, kwa hiyo fokasi huwekwa machoni, na hukaguliwa kwa kukuza picha kwenye kioo cha kamera kabla ya kuanza. Lenzi nyingi hazitoi ukali wao wote zikifunguliwa kabisa. F/4 au f/5.6 huwa salama zaidi. ISO hubaki chini, na pengo hilo huzibwa kwa taa au kwa kumsogeza mtu karibu na dirisha. Ule mpangilio wa kamera wa kuongeza ukali hupunguzwa, maana huchora mistari myeupe kuzunguka kingo za vitu, na mistari hiyo hukua pamoja na picha. Kamera hukaa kwenye stendi.

Mfano ni fundi cherehani anayehojiwa akiwa amesimama dukani kwake, video ikitakiwa kwa 1080p. Picha pana inachukua kuanzia magotini hadi juu kidogo ya kichwa, kimo cha sentimita 130 hivi. Katikati ya jibu anaingia mteja, fundi anasita, kisha anairudia sentensi yake tangu mwanzo. Mhariri anaondoa kusita huko na kuikuza sentensi ya pili mara 1.6. Dirisha linalobaki lina pikseli 2400 kwa 1350, ambazo bado zinazidi 1920 kwa 1080, na linaonyesha sentimita 80 hivi: kuanzia tumboni hadi kichwani. Linasogezwa juu mpaka macho yakae kwenye theluthi ya juu ya fremu. Kama kamera ilimweka fundi ukingoni kabisa mwa picha pana, dirisha hilo litakosa nafasi ya kusogea.

Kukuza kidogo mno nako ni kosa. Picha iliyokuzwa mara 1.1 haionekani kama picha nyingine bali kama kamera iliyogongwa, na mruko uliokusudiwa kufichwa unabaki pale pale.

Kwenye programu ya uhariri kuna mtego mmoja wa kuangaliwa. Katika Premiere Pro, amri iliyojulikana kwa miaka mingi kama `Scale to Frame Size` huishusha picha ya 4K kuwa 1080p kwanza, na ukuzaji wowote unaofuata unafanyika juu ya pikseli zilizokwisha pungua. Ile iliyojulikana kama `Set to Frame Size` huacha pikseli zote na kuandika tu 50 kwenye `Scale`. Hapo kukuza mara 1.6 ni kuandika 80, na 100 ni mpaka usiovukwa. Katika DaVinci Resolve, picha ikiwa imewekwa itoshee fremu, `Zoom` ya 1.6 huchota moja kwa moja kutoka faili la awali. Aliyetengeneza nakala nyepesi za kuhariria asihukumu ukali kwa kuzitazama hizo. Hurudi kwenye faili halisi, na kuangalia kwa skrini nzima badala ya kidirisha kidogo, ambacho huifanya kila picha ionekane nzuri.

Mwisho ni kuzilinganisha. Mkato huchezwa mara kadhaa, jicho likiwa kwenye kope, ndevu au mshono wa kola. Picha ya karibu ikionekana imelegea, huongezewa ukali kidogo baada ya kukuzwa, si kabla. Kingo zikianza kung'aa, ukali umezidi. Mara nyingi dawa bora ni kuigeukia picha pana na kuilainisha kidogo, jambo linalowatia wengi uchoyo ingawa hakuna mtazamaji atakayeliona. Chengachenga za picha ya karibu nazo hupunguzwa, lakini kwa kiasi, zisije zikaondoka na ngozi.

Mbinu hii haileti kamera ya pili kamili. Fundi anatazama upande ule ule, rafu nyuma yake ziko umbali ule ule, na mkono unaosogea haraka unaacha ukungu uliokuzwa pia. Na mteja akitaka kazi itolewe kwa 4K wakati imerekodiwa kwa 4K, ziada yote imekwisha. Hapo hata kukuza mara 1.2 huanza kuonekana, na kilichobaki ni kurekodi kwa 6K au 8K, au kuazima kamera nyingine.