Mimba Iliyokoma Kimyakimya: Barua ya Daktari Hueleza Nini

Mimba inaweza kukoma tumboni bila damu wala maumivu. Kwa hiyo barua ya daktari huanza na kilichoonekana kwenye ultrasaundi. Kwa kipimo cha ukeni, kiinitete chenye urefu wa milimita 7 au zaidi kisicho na mapigo ya moyo huthibitisha kwamba mimba imekoma. Kikiwa kifupi zaidi, kipimo hurudiwa baada ya siku 7 au zaidi, kwani huenda mimba bado ni changa.

Mama ambaye kiinitete chake kina milimita 12 bila mapigo huelezwa njia tatu. Anaweza kusubiri mimba itoke yenyewe kwa wiki 1 hadi 2, ingawa huenda isitoke. Anaweza kupewa mifepristoni, kisha misoprostoli inayobana mji wa mimba. Damu na maumivu huzidi ya hedhi. Au husafishwa kizazi kwa pampu ya kufyonza, njia ya haraka yenye hatari ndogo ya kuumiza kizazi.

Akilowesha pedi 2 kwa saa, kwa saa 2 mfululizo, au akipata homa, huhitaji hospitali mara moja. Chanzo mara nyingi ni kasoro ya kromosomu, si kazi aliyofanya.