Milioni Tatu kwa Usiku Mmoja

Kiti kisichouzwa kwa onyesho la Jumamosi usiku hakiuzwi tena Jumapili. Mwenye duka la viatu akikosa wateja mwezi huu, viatu vyake bado viko rafuni, vitauzwa mwezi ujao hata kwa bei ya hasara. Mwandaaji wa onyesho hana rafu. Ndiyo maana matangazo ya tiketi hayapangwi kama matangazo ya bidhaa nyingine, na ndiyo maana anayegawa fedha zake sawasawa kwa kila siku mara nyingi hujikuta na pochi tupu siku ambayo watu wameanza kuuliza kiingilio.

Tuchukue mfano wa usiku wa taarab Dar es Salaam, ukumbi wa watu 800. Viti 100 ni vya wadhamini, waalikwa na jamaa wa wasanii, ambao siku zote huwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Vinabaki 700 vya kuuza. Tiketi ni shilingi 20,000 kwa watakaowahi, kisha 30,000, na getini 40,000. Mwandaaji ametenga milioni 3 za matangazo ya Facebook na Instagram kwa siku 28. Ukumbi huu na hesabu zake ni vya mfano tu, lakini mtu yeyote aliyewahi kuuza tiketi mtandaoni ataitambua hali yenyewe.

Mauzo ya tiketi huanza kwa kishindo kidogo: mashabiki wa kweli wananunua tangazo linapotoka. Baada ya hapo yanadoda kwa wiki mbili hivi, mpaka mwandaaji anakosa usingizi. Siku za mwisho yanapanda ghafla. Anayesema watu wetu wana tabia mbaya ya kuchelewa hajawatendea haki. Mtu anasubiri mshahara. Anakumbuka onyesho lililoahirishwa na fedha zake zikachukua miezi kurudi. Zaidi ya yote, taarab haiendewi peke yako: mwanamke mmoja anaulizia wenzake watatu, mmoja hajajibu, mwingine anatafuta sare, na tiketi nne zinanunuliwa kwa pamoja siku yule wa mwisho atakaposema ndiyo. Hakuna tangazo la siku ya 15 litakaloharakisha mazungumzo hayo.

Basi fedha zifuate mwendo huo. Katika mfano wetu, siku 10 za kwanza zipewe shilingi 750,000, siku 10 za katikati 450,000, na siku 8 za mwisho 1,800,000. Nusu ya hizo za mwisho, yaani 900,000, zitumike kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi yenyewe.

Wengi wakisikia hivyo huuliza: kwa nini tusingoje tu, tumwage zote wiki ya mwisho? Jibu liko kwenye kazi ya fedha za mwanzo. Kazi yake kubwa ni kukusanya watu. Tiketi zitakazouzwa wakati huo ni nyongeza. Ukurasa wa kuuzia tiketi huwekwa kipande cha msimbo kiitwacho Meta Pixel, ambacho huijulisha Facebook nani amefungua ukurasa, nani ameanza kulipia na nani amemaliza. Kwenye ripoti vitendo hivyo husomeka `ViewContent`, `InitiateCheckout` na `Purchase`. Aliyefungua ukurasa wako anaweza kuhifadhiwa kwenye kundi la kufuatiliwa kwa muda usiozidi siku 180, na walioangalia video ya onyesho kwa sekunde kadhaa wanaweza kuwekwa kundi lao pia. Siku za mwisho tangazo linarudi kwa hao, waliokwisha kuonyesha nia, badala ya kuutafuta mji mzima upya.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu hesabu. Tuseme kufikia Jumatano ya wiki ya mwisho watu 6,000 wamefungua ukurasa wa tiketi, na 400 kati yao wameshalipa. Hao 400 wanaondolewa, kwa sababu kumtangazia tiketi aliyekwishanunua ni kutupa fedha na kumkera. Wanabaki 5,600. Tuseme pia kulionyesha tangazo mara 1,000 kunagharimu shilingi 6,000. Zile 900,000 za siku tatu za mwisho zinanunua maonyesho 150,000. Yote yakielekezwa kwa watu 5,600, kila mmoja ataliona tangazo karibu mara 27 kwa siku tatu. Huko si kumkumbusha mtu tena, ni kumganda. Atalificha tangazo, na pengine ataliripoti.

Mara mbili kwa siku zinatosha. Kwa siku tatu ni mara sita kwa kila mtu, maonyesho 33,600, gharama kama shilingi 200,000. Zinabaki 700,000 zisizo na kazi kwenye kundi hilo, na lazima ziende kwa kundi pana zaidi: wale walioangalia video au kugusa ukurasa wa onyesho wiki zilizopita. Wakiwa 40,000, fedha hizo zinawafikia takribani mara tatu kila mmoja, kiwango kizuri. Wakiwa 4,000 tu, kwa sababu wiki za mwanzo zilibanwa, fedha za mwisho hazina pa kwenda. Ukubwa wa fungu la siku za mwisho unaamuliwa na idadi ya watu uliowakusanya mapema. Mimi huanza kupanga bajeti kutoka nyuma: nakadiria nitahitaji kundi la watu wangapi siku ya Alhamisi, ndipo naamua cha kutumia siku ya kwanza.

Kuhesabu siku nako kuna masharti yake. “Zimebaki siku 12” haimsukumi mtu popote, kwa sababu hakuna kinachobadilika siku ya 12 ikipita. Hesabu inafanya kazi ikiwa na tukio la kweli mwisho wake: bei inatoka 20,000 kwenda 30,000 Ijumaa saa 6 usiku, meza za watu wanane zinafungwa Jumatano, baada ya Jumamosi saa 10 jioni ni getini tu. Kwa onyesho la wiki nne, mabadiliko mawili ya bei yanatosha. Na bei ikitangazwa kupanda, ipande. Mwandaaji anayeongeza “siku mbili kwa maombi ya mashabiki” amewafundisha wanunuzi wake kwamba tarehe zake hazina maana, na somo hilo watalikumbuka kwenye onyesho lijalo. Kutangaza “tiketi zimebaki chache” huku nusu ya ukumbi haijauzwa ni kosa zaidi ya hilo: Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Kosa linalopatikana zaidi kwetu ni la malipo ya simu. Mnunuzi anaandika namba yake kwenye ukurasa, ujumbe unamtokea kwenye simu, anaweka namba ya siri, anapokea meseji ya muamala, na basi. Harudi kwenye ukurasa kuona maneno “asante kwa kununua”. Kama `Purchase` inarekodiwa ukurasa huo wa asante unapofunguka, Facebook haijui kwamba mtu huyu amelipa. Inamhesabu miongoni mwa walioacha malipo njiani, na siku tatu za mwisho inamfuata na tangazo lisemalo hajamalizia kulipia. Anapiga simu kwa hasira: “Kaka, mbona hela mmeshakata?” Sasa mwandaaji ana mteja mwenye wasiwasi na tangazo lililopotea bure.

Kuligundua ni rahisi. Kila asubuhi linganisha malipo yaliyothibitishwa na mfumo wa mauzo na idadi ya `Purchase` kwenye ripoti ya Pixel. Mfumo ukisema 400 na ripoti ikisema 240, watu 160 wanasumbuliwa. Tofauti ndogo haiepukiki, kwa kuwa wapo watakaonunua kupitia wakala au kwa mtu wa ofisini. Tiba yake ni kuifanya seva ya tiketi itume taarifa yenyewe mara malipo yanapothibitishwa, njia ambayo Meta huiita Conversions API. Asiye na fundi wa kazi hiyo anaweza kupakia orodha ya namba za wanunuzi kila siku ili waondolewe, mradi waliponunua waliambiwa namba zao zitatumika hivyo. Taarifa binafsi zina sheria yake Tanzania tangu 2022.

Kosa la pili ni kuongeza fedha kwa pupa. Tangazo lililokuwa likitumia shilingi 45,000 kwa siku, likipandishwa ghafla Alhamisi mchana hadi 300,000, mfumo huanza kujifunza upya nani wa kumwonyesha. Meta huelekeza kwamba kundi la matangazo linahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja ili litulie, na wewe umebakiza siku mbili na nusu. Afadhali matangazo ya siku za mwisho yatengenezwe wiki moja kabla kama kundi lake, na bajeti yake, yakipangiwa kuanza Alhamisi. Hilo linaokoa jambo jingine: kila tangazo jipya hukaguliwa kabla ya kuruka hewani, kwa kawaida ndani ya saa 24 na wakati mwingine zaidi. Tangazo la “ni leo” lililopelekwa Ijumaa usiku linaweza kuidhinishwa wakati mwimbaji ameshapanda jukwaani. Angalia pia kikomo cha kadi unayolipia matangazo. Kadi iliyozoea kukatwa 45,000 inaweza kukataa laki tatu, na matangazo yote yakasimama.

La mwisho ni saa. Onyesho likianza saa 2 usiku, matangazo ya kuuza mtandaoni yanapaswa kusimama kama saa 12 jioni. Nimeona mtu akiandika 12:00 PM akiamini ndiyo saa 12 jioni. Kwenye mfumo hiyo ni saa 6 mchana, na saa sita bora za mauzo zikapotea. Alitakiwa kuandika 6:00 PM. Tena akaunti ya matangazo ina saa za eneo lake, zilizochaguliwa siku ilipofunguliwa. Ikiwa iliachwa kwenye saa za Los Angeles, 6:00 PM ya Jumamosi kwa akaunti hiyo ni Jumapili saa 10 au 11 alfajiri Dar es Salaam, kutegemea msimu wa huko. Tangazo litaendelea kuuza onyesho ambalo watu wameshatoka na kwenda kulala.

Jumamosi yenyewe lazima mtu mmoja akae na simu mkononi. Walio nje ya Dar es Salaam waondolewe tangu asubuhi, kwani aliye Arusha muda huo hatafika. Saa 4 asubuhi zihesabiwe tiketi: zikiwa zimebaki 30, zisimamishwe zile za kundi pana na waachwe walioanza kulipia peke yao. Zikiisha, yazimwe yote saa hiyohiyo, hata kama kuna 120,000 hazijatumika. Na kama bado zipo 200, zile 120,000 hazitaujaza ukumbi. Tangazo la mwisho liseme wazi kiingilio cha getini, geti linafunguliwa saa ngapi na gari linaegeshwa wapi.