Maneno ninayajua, sentensi siielewi

Alikuja na kaunta buku iliyojaa mwandiko wa kalamu ya bluu. Kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kiswahili, mistari 570. Alikuwa mwaka wa kwanza, anasoma uchumi. Mimi hufundisha stadi za mawasiliano, lile somo ambalo wanafunzi wengi huliona la kujazia ratiba. Nikamtajia maneno kumi ya kubahatisha, akayajibu yote bila kusita. Kisha akafunga daftari na kusema, "Mwalimu, maneno ninayajua. Ila mhadhiri akiyatia kwenye sentensi, siielewi."

Orodha aliyoinakili ni maarufu. Iliandaliwa na Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, Nyuzilandi, na ikachapishwa mwaka 2000. Coxhead alikusanya matini za kitaaluma zenye jumla ya maneno milioni 3.5, kutoka masomo 28 yaliyogawanywa katika sanaa, biashara, sheria na sayansi. Kwanza aliondoa maneno 2,000 ya kawaida kabisa, akifuata orodha ya zamani ya Michael West ya mwaka 1953. Kwa yaliyobaki aliweka masharti: neno na ndugu zake lazima waonekane angalau mara 100 katika matini zote, mara 10 katika kila moja ya makundi manne, na katika masomo yasiyopungua 15. Koo 570 zikapita mchujo huo. Alizipanga katika sehemu kumi, zinazotumika zaidi zikitangulia: sehemu tisa zina koo 60 kila moja, na ya mwisho ina 30.

Ukisoma masharti hayo kwa makini utaona orodha inalenga nini. Haina maneno ya sokoni, kwa sababu hayo yameshaondolewa. Haina istilahi za fani pia, maana istilahi ya kemia haionekani kwenye sheria. Inachobakiza ni maneno ya katikati, yale ambayo mwanasheria, mchumi na mwanabiolojia wote huyatumia kusema kwamba jambo linatokana na jingine, linatofautiana nalo, au linachukuliwa hivyo kwa sasa. Hapo ndipo wanafunzi wetu hukwama, wale waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza cha darasani kidato cha kwanza. Mhadhiri wa uchumi akifika kwenye mfumuko wa bei atasimama, ataandika ubaoni na kueleza maana yake. Lakini maneno ya katikati hayaelezwi na mtu. Mhadhiri anadhani uliyapata sekondari, na mwalimu wa sekondari alidhani utayapata chuoni.

Kwa hiyo orodha haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye ile safu ya kulia ya daftari. Nilimwomba anioneshe sehemu ya mhadhara iliyomshinda. Kwa bahati alikuwa ameomba ruhusa akaurekodi kwa simu. Tukachukua dakika kumi tu, nami nikamwachia kazi ya kuziandika neno kwa neno. Yeyote atakayejaribu nampa onyo: saa moja ya sauti humla mtu asiye na uzoefu saa nne au zaidi. Dakika kumi zinatosha, kwani mhadhiri wa mwendo wa wastani husema maneno 1,200 hadi 1,500 katika muda huo. Asiyeweza kurekodi atapata mihadhara halisi iliyokwisha andikwa katika tovuti za bure za vyuo vya Marekani vya MIT na Yale. Ila wa mhadhiri wako mwenyewe ni bora, kwa kuwa ndiye atakayetunga mtihani.

Wiki iliyofuata alileta matini yake. Tuliiingiza kwenye tovuti ya Lextutor, iliyojengwa na Tom Cobb wa Montreali, Kanada. Pale unabandika matini na maneno yanarudi yamepakwa rangi: bluu ni maneno 1,000 ya kwanza ya kawaida, kijani 1,000 yanayofuata, manjano ni ya orodha ya Coxhead, na nyekundu ni yaliyo nje ya orodha zote. Alitarajia kuona ukurasa wa manjano. Alichokiona ni bahari ya bluu yenye madoa. Nitarudi kwenye bahari hiyo.

Katika madoa ya manjano, ukoo mmoja ulijirudia kuliko mingine. Tukafungua AntConc, programu ya bure ya Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, inayokusanya kila sentensi yenye neno unalolitafuta na kuzipanga chini kwa chini, neno lenyewe likiwa katikati. Tukaandika `assum*`, ile nyota ikiwa na maana ya "na chochote kinachofuata", ili ndugu wote waje pamoja. Tulipata mistari kadhaa. Mitatu ilitosha:

```
let us assume that income does not change
the model assumes that buyers know the price
under this assumption the curve is a line
```

Katika daftari lake, mbele ya neno hili palikuwa na "kudhani". Sasa tafsiri mstari wa kwanza kwa neno hilo: hebu tudhani kwamba kipato hakibadiliki. Kwa Kiswahili, anayedhani hana uhakika. Mwanafunzi wangu alikuwa amekaa darasani akisubiri mhadhiri amalize wasiwasi wake na kusema kama kipato kinabadilika au la. Mhadhiri hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa amekishika kipato mahali pamoja, makusudi, ili aangalie bei peke yake. Kiswahili kina neno la kazi hiyo, nalo ni "tuchukulie".

Mstari wa pili unamsogeza mbali zaidi na kudhani, kwa sababu anayetenda si mtu, ni modeli. Modeli haidhani. Maana yake ni kwamba modeli imejengwa juu ya sharti kwamba wanunuzi wanaijua bei, na sharti hilo likianguka, hesabu zote zinaanguka nalo. Mstari wa tatu unageuza kitenzi kuwa nomino, na hapo ndipo penye mengi ya kujifunza: baada ya mhadhiri kuweka sharti, hulirejelea kama kitu chenye jina, kisha hujenga juu yake. Mwanafunzi asiyeona kwamba nomino ya mstari wa tatu ndiyo kitenzi cha mstari wa kwanza hupotelea hapo. Huona jambo jipya limeletwa, kumbe ni lile lile.

Baada ya hapo aliacha safu mbili. Kila neno lilipewa nusu ukurasa. Juu aliandika sentensi nzima kutoka mhadharani pamoja na tarehe yake. Chini yake aliandika majirani wa neno, yaani kinachotangulia na kinachofuata, kwa mfano kwamba kitenzi hiki hupenda kufuatwa na `that` na sentensi kamili. Halafu ndugu zake, lakini wale tu waliojitokeza mhadharani. Mwisho aliandika sentensi yake mwenyewe juu ya somo lake, akaiacha kwa siku chache, kisha akaziba neno kwa kidole na kujaribu kulirudisha. Kama aliweza kulirudisha neno pamoja na majirani zake, alikuwa amelipata. Kama neno lilirudi peke yake, lilibaki la kushughulikiwa. Kwa njia hii hakuvuka maneno kumi kwa wiki, na sikumharakisha.

Kukariri kwa mpangilio wa alfabeti nako kulikuwa kumemdhuru. Katika sehemu ya kwanza ya orodha, `assess` na `assume` wamekaa bega kwa bega, na maneno yanayofanana sura yakisomwa siku moja huchanganyikana kichwani. Aliwahi kuandika kwamba mwandishi "amechukulia" sera ya kodi, alipotaka kusema ameitathmini. Ukiyapokea maneno kwa mpangilio wa mhadhara, mchanganyiko huo hupungua wenyewe, kwani kila moja huja na siku yake na mada yake.

Orodha hii haimfai kila mtu kwa wakati wowote, na kipimo chake ni rahisi. Chukua kabrasha la somo lako, hesabu maneno 100 mfululizo, piga mstari chini ya usiyoyajua. Watafiti wa usomaji huona kwamba msomaji anahitaji kujua takribani maneno 98 katika kila 100 ili asome bila msaada. Ukikosa mawili, matatu, orodha hii ni yako. Ukikosa kumi au kumi na tano, huenda mengi ni ya yale 2,000 ya kawaida, na kuanza na Coxhead ni kupaua nyumba isiyo na kuta. Kuna pia hoja ya Ken Hyland na Polly Tse, waliyoitoa mwaka 2007: neno moja la orodha hubeba maana tofauti katika fani tofauti. Kwenye takwimu, `significant` haimaanishi kitu kikubwa. Inamaanisha kwamba matokeo hayaelekei kuwa ya bahati nasibu, hata kama tofauti yenyewe ni ndogo mno. Mwanafunzi wa takwimu aliyeandika "muhimu" kwenye daftari lake atasoma jedwali zima kinyume.

Sasa ile bahari ya bluu. Coxhead alikusanya maandishi, na katika maandishi ya kitaaluma orodha yake hufunika takribani neno moja katika kila kumi. Mhadhara ni mazungumzo. Mwaka 2014 Yen Dang na Stuart Webb walipima mihadhara na semina za vyuo vya Uingereza, wakakuta orodha hiyo inafunika asilimia 4 na kidogo tu. Baadaye, mwaka 2017, wawili hao na Coxhead mwenyewe walitoa orodha nyingine ya lugha ya kitaaluma inayozungumzwa, yenye koo 1,741, na safari hii hawakuyaondoa maneno ya kawaida.

Sababu yake tuliiona kwenye matini ya yule binti. Mhadhiri alitumia neno lake la kitaaluma mara chache, alipokuwa akisoma kwenye slaidi. Alipoinua macho na kuwaangalia wanafunzi, alihamia kwenye neno la bluu, linalojulikana na mtoto wa darasa la tatu: `say`. Binti alikuwa amelipita kila mara, maana lilimaanisha "sema", na hakuona ni nani anayeambiwa aseme. Nilimsomea sentensi moja polepole, ile ya bei ya mkate kuwa shilingi elfu moja. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Kumbe ni *tuseme*! Mama huko dukani anasema hivyo kila siku: tuseme umechukua kilo mbili..."